Usitume leja nzima kwa sababu ya mstari mmoja

Saa kumi na moja jioni, Inyonga. Dirisha la malipo limeshafungwa, wanachama wa mwisho wamekwishaondoka na bodaboda zao, lakini karani wa tawi bado amekaa mezani. Kwenye skrini yake mstari unaoonyesha safari ya faili umesimama asilimia 41. "Kaka, hapa pamekwama tangu saa tisa," aliniambia, "na bando ndiyo hilo linaisha."

Faili alilokuwa analituma ni nakala ya hifadhidata ya tawi, na lilitakiwa kufika makao makuu Mpanda kabla ya asubuhi. Jana yake alituma faili hilohilo. Juzi pia. Kila siku liliongezeka mistari michache ya miamala, na kila siku yeye alilipeleka lote tangu ukurasa wa kwanza.

Wakati huo nilikuwa nahudumia kompyuta za chama kimoja cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu mjini Mpanda na matawi pembeni. Katavi ni mkoa wenye nafasi kubwa. Ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na ukitoka Mpanda mjini unaweza kwenda Inyonga upande wa Mlele, Majimoto upande wa Mpimbwe, au Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kila safari ni ya kujipanga. Ofisi ndogo huko hazikuwa na waya wa intaneti. Zilikuwa na ruta yenye laini ya simu ndani yake, na laini hiyo ilikuwa na bando linalohesabiwa kwa GB na kuisha siku yake ikifika, limetumika au halijatumika.

Uongozi wa chama uliona dawa ni moja, kununua bando kubwa zaidi. Na mimi mwanzoni niliona hivyo. Tulikosea wote, maana tawi lilikuwa linalipia kupeleka Mpanda vitu ambavyo Mpanda ilikuwa navyo tayari.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue tawi la mfano lenye wanachama 4,000. Kila mwanachama ana picha yake na sahihi yake ndani ya hifadhidata, na hizo peke yake zinafika MB 280. Miamala ya miaka miwili na ushee ni MB 120. Jumla ni faili la MB 400. Kulituma bila kulibana kila usiku kwa siku 30 ni GB 12, na hapo hujafungua barua pepe hata moja.

Sasa tuangalie kasi. Laini ya simu mahali kama hapo, jioni watu wote wakiwa hewani, inaweza kukupa kilobiti 256 kwa sekunde za kupandisha. Gawanya kwa nane upate kilobaiti, ni KB 32 kwa sekunde. MB 400 kwa mwendo huo ni takriban saa tatu na nusu, na hapo umeme haujakatika na mtandao haujayumba. Karani wetu alikuwa na haki ya kuchoka.

Je, ndani ya zile MB 400, ni nini hasa kilichobadilika siku hiyo? Tuseme tawi lilifanya miamala 300, na kila muamala pamoja na kumbukumbu zake unachukua baiti 500. Hiyo ni KB 150 tu. Ongeza orodha ya salio za wanachama, ambayo yote kwa ujumla ni kama MB 1, na tuseme imeguswa hapa na pale mpaka hakuna sehemu iliyobaki kama jana. Mabadiliko ya siku nzima hayafiki MB 1.2. Picha za wanachama hazikuguswa. Miamala ya mwaka jana haikuguswa. Zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 za faili zilikuwa zimelala Mpanda tangu usiku uliopita.

Makarani wawili na simu moja

Swali ni jinsi ya kujua kilichobadilika bila kuyaweka mafaili mawili pamoja, maana moja liko Inyonga na jingine Mpanda, na kulileta moja kwa jingine ndiyo gharama tunayoikimbia. Jibu lilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Programu yao inaitwa `rsync`, haiuzwi, na mpaka leo inapatikana karibu kwa kila seva ya Linux.

Wazo lao atalielewa yeyote aliyewahi kushika leja. Fikiria karani wa Mpanda ana leja ya jana, na karani wa Inyonga ana leja ya leo. Wa Mpanda anapiga simu, lakini hasomi leja yake. Anasoma jumla ya chini ya kila ukurasa tu: ukurasa wa kwanza jumla hii, wa pili jumla ile, mpaka mwisho. Wa Inyonga anaziandika, kisha anafungua leja yake na kulinganisha. Pale jumla zinapokubaliana anasema, "Huo unao, uache ulivyo." Pale zisipokubaliana, anamsomea mistari yenyewe.

Kuna tatizo ambalo karani yeyote ataliona mara moja. Ikiwa leo mstari mmoja umeongezwa kwenye ukurasa wa kwanza, mistari yote iliyofuata imesogea chini, na hakuna jumla ya ukurasa hata mmoja itakayokubaliana tena. Hapo ndipo ujanja wa Tridgell na Mackerras ulipo. Karani wa Inyonga hafuati kurasa. Anaweka rula yenye urefu wa ukurasa mmoja juu ya leja, anapiga jumla, halafu anasogeza rula mstari mmoja na kupiga tena, akipunguza mstari uliotoka juu na kuongeza ulioingia chini. Akishaupita ule mstari mpya, jumla zinaanza kukubaliana tena kama zamani. Kompyuta inafanya hivyo baiti kwa baiti, na kwa kuwa jumla nyepesi inaweza kufanana kwa bahati, inapopata mfanano inahakikisha kwa alama ya pili iliyo nzito zaidi.

Kwa faili la MB 400, `rsync` inachagua "ukurasa" wa takriban baiti 20,000, kwa hiyo kurasa ni kama 20,000. Alama za kila ukurasa ni baiti chache, na zote pamoja hazifiki KB 200. Hizo zinasafiri kutoka Mpanda kwenda Inyonga. Kurudi Mpanda zinakuja zile MB 1.2 za mabadiliko, ambazo zikibanwa njiani zinaweza kushuka mpaka robo MB, kwa sababu maandishi ya hifadhidata hurudiarudia maneno yaleyale. Kwenda na kurudi, usiku mmoja ni kama KB 400. Kwa mwezi ni MB 12, pale palipokuwa na GB 12.

Nakala ya kwanza kabisa haikwepeki, lazima ifike nzima. Lakini si lazima ipite hewani. Yetu ilisafiri na basi kwenye flashi, ikanakiliwa kwenye seva ya Mpanda, na kuanzia usiku huo ikawa leja ya jana.

Zipu inayoharibu kazi

Nilipoiweka `rsync` kwa mara ya kwanza nilisubiri muujiza, na haukuja. Bado faili lilikuwa linakwenda lote. Sababu ilikuwa tabia mbili nzuri ambazo tumefundishwa sote.

Ya kwanza ni kuzipu faili kabla ya kulituma. Karani alikuwa anafanya hivyo, na kwa njia ya zamani alikuwa sahihi: MB 400 zilikuwa zinashuka kufika kama MB 170. Lakini kuzipu kunaandika upya faili lote. Programu ya kubana inatafuta maneno yanayojirudia na kuyapa alama fupi, na alama za mbele zinategemea kilichotangulia. Badilisha herufi moja mwanzoni mwa faili la maandishi, lizipu, kisha lilinganishe na zipu ya jana: kuanzia pale ulipogusa, baiti hazifanani tena mpaka mwisho. Rula inasogezwa mstari kwa mstari na haikuti jumla hata moja inayokubaliana. Mabadiliko ya MB 1.2 yanageuka kuwa MB 170.

Kwa hiyo utaratibu ni kuliacha faili wazi, kutafuta tofauti, kisha kuibana ile tofauti tu. Chaguo la `-z` la `rsync` linafanya hasa hivyo. Aliyelazimika kuhifadhi faili lililobanwa, kwa mfano kwa sababu diski ni ndogo, anaweza kutumia `gzip --rsyncable`, ambayo inaanza hesabu upya kila baada ya kipande, ili badiliko la mwanzo lisiambukize mpaka mwisho. Faili litakuwa kubwa kidogo, lakini tofauti zitaonekana. Kwa faili lililofichwa kwa nywila hakuna ujanja wa namna hiyo. Nakala iliyosimbwa upya kila usiku haifanani na ya jana popote, na itakwenda nzima daima. Usiri wa njiani uachie `ssh`, ambayo `rsync` inapita ndani yake.

Tabia ya pili ni kuandika tarehe kwenye jina la faili. Ofisi yenye nidhamu hufanya hivyo, lakini `rsync` inalinganisha faili na lile lenye jina lake upande wa pili. Jina jipya kila siku maana yake Mpanda haina leja ya jana ya kusoma, basi inaletewa leja nzima. Dawa ni Inyonga kutumia jina moja siku zote, na tarehe kuwekwa na seva ya Mpanda baada ya faili kufika. Kunakili faili kutoka diski hadi diski ndani ya chumba kimoja hakuli bando.

Kuna jambo dogo la tatu upande wa hifadhidata. Ni vizuri itoe mistari yake kwa mpangilio uleule kila usiku. Kwa MySQL sisi tuliandika hivi:

```
mysqldump --single-transaction --order-by-primary \
  --hex-blob --skip-dump-date chama > tawi.sql
```

Usinakili mafaili yenyewe ya hifadhidata ikiwa inafanya kazi. Utapata nakala iliyopigwa nusu hapa na nusu pale, ambayo haitafunguka siku utakapoihitaji.

Kasi ya kuwaachia wengine nafasi

Tulipofika hapo, kazi ya usiku ilikuwa imeshuka mpaka sekunde chache. Ndipo ikaja siku ambayo tawi lilichanganua fomu za mikopo, MB 30 za picha, na zilipokuwa zinakwenda mchana, dirisha la malipo likasimama. Mwanachama anasubiri salio lake na karani anabonyeza bila jibu.

Kinachotokea ni foleni. `rsync` ikiachwa huru inasukuma kadiri ruta inavyopokea, na ruta inapokea zaidi ya inachoweza kutoa, kisha inapanga mzigo kwenye kumbukumbu yake. Ikiwa kuna KB 512 zimepanga mstari na laini inatoa KB 32 kwa sekunde, ombi dogo la salio linalokuja nyuma linasubiri sekunde 16 kabla hata ya kuondoka Inyonga. Laini inapitisha mzigo, lakini aliye dirishani anaiona imekufa.

Chaguo la `--bwlimit` linaizuia `rsync` isijaze foleni hiyo. Ukiiwekea nusu ya laini, KB 16 kwa sekunde, zile MB 30 zitachukua kama dakika 32 badala ya 16, na dirisha litaendelea kuhudumia. Mwenye haraka ni yule aliyesimama dirishani. Picha za fomu zinaweza kusubiri.

Kosa la kawaida hapa ni la vipimo. Makampuni ya simu yanataja kasi kwa biti, lakini `--bwlimit` inahesabu kwa kilobaiti. Mtu anayetaka kilobiti 128 akaandika `--bwlimit=128` ameruhusu KB 128 kwa sekunde, ambazo ni kilobiti 1,024, mara nne ya laini yote. Kizuizi kipo kwenye karatasi tu. Gawanya kwa nane kwanza, na uipime laini saa ileile ya kazi, maana kasi ya alfajiri si kasi ya saa moja jioni.

Amri yetu ya kila usiku ilikuwa hii:

```
rsync -tz --timeout=120 --bwlimit=16 --stats \
  /akiba/tawi.sql nakala@seva-mpanda:/akiba/inyonga/
```

`--timeout` ni ya zile nyakati ambazo mtandao unakufa bila kuaga. Isipowekwa, programu inaweza kungoja mpaka asubuhi ikidhani mwenzake anafikiri. Baada ya sekunde 120 za kimya inakata, na unaweza kuipanga ijaribu tena.

Wengi wataongeza `--partial`, ili kilichokwishafika kisipotee muunganisho ukikatika. Inafaa unapotuma faili kubwa kwa mara ya kwanza. Kwa kazi yetu ni hatari. Kwa kawaida `rsync` inajenga faili jipya pembeni, kwa jina la muda, na kulibadilisha na la zamani ikishamaliza. Umeme ukikatika katikati, leja ya jana bado iko salama, na usiku wa pili utailinganisha tena kama kawaida. Ukiweka `--partial`, lile faili nusu linakalia nafasi ya zima. Safari inayofuata Mpanda itakuwa na leja iliyokatwa, na sehemu yote iliyokosekana italazimika kupita hewani. Unaokoa KB 200 na kupoteza MB 300.

Kusoma ushahidi

Usiamini kwamba kazi imefanyika kwa sababu tu haikulalamika. `--stats` inatoa taarifa kila mwisho wa safari, na mistari miwili ndiyo ya kusoma kwanza. Kwa tawi letu la mfano ingekuwa karibu na hivi:

```
Literal data: 1,180,000 bytes
Matched data: 398,820,000 bytes
```

Wa kwanza ni kilichosafirishwa, wa pili ni kilichopatikana tayari Mpanda. Siku mstari wa pili ukisoma sifuri, usimpigie mtu wa kampuni ya simu. Uliza nani amezipu faili, au nani amebadilisha jina lake. Mara zote tulipoona sifuri, jibu lilikuwa mojawapo ya hayo mawili.

Kuna ajali moja ambayo mistari hiyo haitakuonyesha. Umeme ukikatika wakati `mysqldump` inaandika, Inyonga inabaki na faili fupi, na `rsync` italipeleka Mpanda kwa uaminifu wote na kuliweka juu ya zuri. Ndiyo maana kabla ya kutuma tunasoma mstari wa mwisho kwa `tail -n 1 tawi.sql`. Faili lililokamilika linaishia na `-- Dump completed`. Lisipoishia hivyo, halitumwi. Na ndiyo maana Mpanda inatunza nakala zenye tarehe: `rsync` inafananisha pande mbili, haikumbuki juzi kulikuwa na nini. Mji wa Mpanda uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa, na wenyeji wanajua kuwa umeme hauombi ruhusa kuondoka.

Mtandao nao hauombi ruhusa. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo faili la MB 400 haliendi kokote. KB 400 zinaweza kujipenyeza, usiku wa manane, kwa jaribio la tatu au la nne.

Nilirudi Inyonga miezi michache baadaye, saa kumi na moja jioni ileile. Karani alikuwa anafunga mlango. Nikamuuliza kuhusu nakala ya leo. Akanionyesha kidaftari chake, ambamo kila asubuhi alikuwa ananakili ile mistari miwili, tarehe kwa tarehe. Katikati ya ukurasa kulikuwa na siku moja ameizungushia wino mwekundu, ile ambayo mstari wa pili ulikuwa sifuri. Pembeni ameandika kwa mkono wake: kijana wa zamu alizipu.